Skrinishoti Yenye Tarehe: Vidokezo vya Kuifanya Isimame Kama Kumbukumbu

Tazama juu kabisa ya skrini ya simu yako. Utaona saa, chaji na alama ya mtandao, lakini mara nyingi tarehe huioni. Ndiyo maana skrinishoti nyingi ambazo watu wanazihifadhi kama kumbukumbu ya bei, ahadi au malipo zina saa bila siku, na baada ya miezi miwili hata aliyezipiga hawezi kusema alizipiga lini. Kubandika tarehe na saa ni kazi ya dakika moja. Tatizo ni kwamba ukibandika ovyo, muhuri huo unageuka kuwa mzigo, kwa sababu mtu wa upande wa pili atauliza swali moja tu: nani ameuandika?

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, wa mazungumzo ya biashara kwenye WhatsApp, maana huko ndiko mabishano mengi ya siku hizi yanakozaliwa. Mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo anawaandikia wateja wake Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025: bei hii mwisho leo saa 10 jioni, baada ya hapo inapanda. Mteja wake aliyeko Lubumbashi anajibu kwamba anachukua majora 20. Kufika usiku wanavutana.

"Mama, bei ya zamani iliisha saa kumi. Wewe umejibu saa kumi na dakika arobaini."

"Hapana, kaka. Mimi nimejibu saa tisa na dakika arobaini. Ngoja nikutumie uone mwenyewe."

Kila mmoja anatuma skrinishoti yake. Ya muuzaji ina 16:40 pembeni ya ujumbe. Ya mteja ina 15:40 pembeni ya ujumbe uleule. Hakuna aliyeghushi kitu. WhatsApp huonyesha saa kwa kufuata saa za eneo zilizowekwa kwenye simu, na saa za Lubumbashi ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Picha mbili za kweli zinapingana kwa sababu hakuna hata moja inayosema saa hiyo ni ya wapi.

1. Tenganisha saa tatu

Kila skrinishoti iliyobandikwa muhuri ina saa tatu ndani yake, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni saa ya tukio, yaani wakati ujumbe ulipotumwa au tangazo lilipowekwa. Ya pili ni saa ya kupiga, wakati ulipobonyeza vitufe na kuinasa skrini. Ya tatu ni saa ya kubandika, wakati ulipokaa chini na kuandika tarehe juu ya picha.

Kwa muuzaji wetu wa Kariakoo, tukio ni 16:40, kwa sababu ndipo jibu la mteja lilipoingia. Tuseme alipiga picha saa 16:52, kisha akaandika tarehe kesho yake asubuhi dukani. Akiandika tu "15 Machi, 08:30" kwenye kona ya picha, msomaji ataamini kwamba mteja alijibu Jumamosi. Akiandika "14 Machi, 16:52", msomaji anaweza kudhani ujumbe uliingia saa hiyo, dakika 12 baada ya ukweli.

Kwa hiyo muhuri lazima uanze na neno linalosema unazungumzia saa ipi. "Imepigwa" ni neno fupi na linatosha kwa saa ya pili. Saa ya tukio itaje kwa kuielekeza kwenye picha yenyewe: "ujumbe wa 16:40". Saa ya tatu si lazima uiandike kwenye picha, lakini iweke kichwani, kwa sababu ukiulizwa uliandika lini, jibu sahihi ni kesho yake asubuhi, na hakuna ubaya wowote ukilisema waziwazi.

2. Iache skrini yenyewe itaje tarehe

Tarehe iliyomo ndani ya picha tangu mwanzo ina nguvu kuliko ile uliyoiandika wewe baadaye. Kabla ya kupiga, jiulize kama kuna namna ya kuifanya ionekane.

Kwenye WhatsApp kuna mtego ambao wengi hawaujui. Ile alama ndogo ya kijivu inayotenganisha siku za mazungumzo haiandiki tarehe mara moja. Siku ileile inaandika Leo, kesho yake inaandika Jana, na kwa siku chache zinazofuata inaandika jina la siku, kwa mfano Ijumaa. Tarehe kamili inakuja baadaye. Skrinishoti yenye neno Leo haimsaidii mtu yeyote atakayeitazama mwezi Agosti. Suluhisho ni kupiga mara mbili. Piga siku ileile, kwa sababu ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tangu utumwe, na unaweza kufutwa kwa wote hata baada ya hapo. Kisha rudi baada ya wiki moja au mbili, upige mazungumzo yaleyale yakiwa yameshapata tarehe kamili juu yake. Picha ya kwanza inaonyesha ujumbe ulivyokuwa ukiwa mbichi, ya pili inaonyesha siku yake.

Ukitumia kompyuta ya Windows, usikate kipande cha katikati tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtScn, kompyuta itanasa skrini nzima pamoja na ule ukanda wa chini wenye saa na tarehe. Kwenye ukurasa wa tovuti, hakikisha anwani yake inaonekana yote juu. Kwenye simu nyingi ukishusha pazia la taarifa kutoka juu utaona siku na tarehe, lakini pazia hilo linafunika ujumbe, kwa hiyo linakufaa kama picha ya pili inayofuata papo hapo. Picha hiyo ya pili peke yake haithibitishi kitu. Kazi yake ni kusindikiza ya kwanza.

3. Kagua saa ya simu kabla ya yote

Muhuri hauwezi kuwa sahihi kuliko saa iliyouzaa. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, uhakikishe simu inachukua saa yenyewe kutoka kwenye mtandao. Kisha fungua tovuti ya time.is. Itakuambia kama saa ya kifaa chako iko mbele au nyuma, na kwa sekunde ngapi. Ukipiga skrinishoti ya ukurasa huo dakika ileile uliyopiga ile ya ushahidi, umejiwekea uthibitisho kwamba simu yako haikuwa inadanganya.

Wanaoishi mipakani wawe macho zaidi. Tunduma inatumia saa ya Tanzania, na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, inatumia saa ya Zambia iliyo nyuma kwa saa moja. Simu iliyowekwa ijipangie saa za eneo yenyewe ikidaka mnara wa upande wa pili inaruka saa nzima bila kukupigia hodi. Hali ni ileile kati ya Uganda na Rwanda. Kama unafanya biashara maeneo hayo, na simu yako inaruhusu kutenganisha mambo hayo mawili, acha saa ijipange yenyewe kwa mtandao, lakini saa za eneo zichague kwa mkono ili zisihamehame.

4. Faili la asili haliguswi

Hiki ndicho kidokezo ambacho ukikivunja, vingine vyote vinakosa maana. Picha uliyoipiga inabaki kama ilivyotoka kwenye simu. Muhuri unawekwa kwenye nakala.

Sababu ya kwanza ni kwamba faili la asili mara nyingi limeshajibandika tarehe lenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, jina la faili ndilo saa ya kupiga. Picha ya muuzaji wetu kwenye simu ya Samsung itaitwa hivi:

```
Screenshot_20250314_165210_WhatsApp.jpg
```

Soma kutoka kushoto: mwaka 2025, mwezi wa 03, tarehe 14, saa 16, dakika 52, sekunde 10, na programu iliyokuwa wazi. Ukilibadilisha jina na kuliita "ushahidi mama vitenge", umefuta kwa mkono wako muhuri bora kuliko huo unaotaka kuubandika. iPhone haifanyi hivyo. Yenyewe inaita picha IMG_4471.PNG au namba nyingine ya mfululizo, na tarehe unaikuta ukifungua picha kwenye Photos na kubonyeza alama ya i. Kwa hiyo mteja wa Lubumbashi mwenye iPhone ana sababu kubwa zaidi ya kuandika muhuri kuliko muuzaji mwenye Samsung.

Sababu ya pili ni safari. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa upya, inapoteza taarifa zilizokuwa ndani ya faili, na kwenye Android inapewa jina jipya la mtindo huu:

```
IMG-20250317-WA0007.jpg
```

Tarehe iliyomo kwenye jina hilo ni ya siku picha ilipopita WhatsApp, siyo ya siku ilipopigwa. Mtu akikuonyesha picha yenye jina hilo na kukuambia ni ya asili, ujue ameipokea kutoka kwa mtu mwingine au ni nakala iliyokwisha kusafiri. Ukitaka kutuma faili likiwa zima, tumia alama ya kuambatisha, uchague Document, kisha uchague faili hilo. Linafika na jina lake na kila kitu chake. Barua pepe nayo inafanya kazi hiyo vizuri.

Tengeneza folda mbili: moja uiite asili, nyingine uiite nakala. Kitu kikishaingia kwenye asili hakikatwi, hakichorwi mstari mwekundu, hakibadilishwi jina.

5. Muhuri ukae pembeni, usikanyage maneno

Watu wengi wanaandika tarehe kwa herufi kubwa nyekundu katikati ya picha, halafu inafunika jina la mtumaji au ile saa ndogo ya ujumbe. Umeficha ulichotaka kukionyesha, na umempa mwenzako nafasi ya kuuliza chini ya maandishi hayo kulikuwa na nini.

Njia safi ni kuongeza ukanda mweupe chini ya picha na kuandika humo. Asiye na ujuzi wa programu za picha afanye hivi: afungue waraka mpya wa Word au Google Docs, aiweke picha, aandike maelezo chini yake, kisha ahifadhi kama PDF. Picha ndani ya waraka inaweza kupungua ubora kidogo. Haidhuru, kwa sababu ya asili ipo.

Kwa mwenye kompyuta yenye ImageMagick, amri moja inaongeza ukanda na kuandika kwa mpigo:

```
magick asili.jpg -gravity south -background white -splice 0x60 -pointsize 24 -fill black -annotate +0+16 "Imepigwa 2025-03-14 16:52:10 UTC+3" nakala.jpg
```

Sehemu ya `-splice 0x60` ndiyo inayoongeza ukanda wa pikseli 60 chini ya picha, na `-annotate` ndiyo inayoandika. Skrini za simu za sasa zina pikseli nyingi, kwa hiyo maandishi yakitoka madogo mno, ongeza namba ya `-pointsize` na kimo cha ukanda kwa pamoja. Jina la mwisho liwe tofauti na la kwanza, la sivyo utakuwa umeandika juu ya faili la asili.

Kuhusu cha kuandika, mambo manne yanatosha: saa ya kupiga, mahali saa hiyo inapotumika, kinachoonekana, na jina la faili la asili. Kwa mfano wetu, ukanda wa muuzaji ungesomeka hivi:

Imepigwa 2025-03-14 16:52:10 (UTC+3, Dar es Salaam). Mazungumzo ya WhatsApp na mteja wa Lubumbashi, ujumbe wa 16:40. Asili: Screenshot_20250314_165210_WhatsApp.jpg

Angalia jinsi sehemu zake zinavyoshikana. Saa iliyoandikwa inalingana na jina la faili. Jina la faili linalingana na saa inayoonekana juu ya skrini, 16:52. Saa ya ujumbe iko kabla ya saa ya kupiga, kama inavyopaswa kuwa. Anayetaka kuubadilisha muhuri huu kwa hila itabidi abadilishe sehemu tatu na zote zikubaliane. Hapo ndipo muhuri unapoanza kuwa na thamani.

Usiongeze maoni. "Hapa ndipo alipokubali deni" si tarehe, ni hoja, na mahali pa hoja ni kwenye barua yako.

6. Andika saa ambayo haiwezi kusomwa kwa namna mbili

Sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna hatari yetu wenyewe. Simu inaonyesha 15:40, mdomo unasema saa tisa na dakika arobaini, na mkono unaandika 9:40. Mtu wa tatu akiona "9:40" kwenye muhuri na 15:40 kwenye skrini, ataona mgongano pale ambapo wewe huuoni kabisa. Simu iliyowekwa kwenye mtindo wa saa 12 inaongeza utata, kwa sababu 3:40 ya alasiri inaweza kuchukuliwa kuwa saa 3:40 asubuhi ya Kiswahili. Kwenye muhuri tumia mtindo wa saa 24 kama unavyoonekana kwenye simu, na ukipenda taja kwa Kiswahili baada yake: 15:40, yaani saa 9 na dakika 40 alasiri.

Tarehe nayo ianze na mwaka: 2025-03-14. Ukiandika 04/03/2025, sisi tunasoma tarehe 4 Machi, lakini simu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inamaanisha tarehe 3 Aprili. Tarehe 14 inajiokoa yenyewe kwa kuwa hakuna mwezi wa 14. Ila siku 12 za mwanzo za kila mwezi zote ziko hatarini, isipokuwa ile ambayo namba yake ni sawa na ya mwezi.

Kisha weka saa za eneo. Tanzania, Kenya na Uganda ni UTC+3. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, pamoja na Lubumbashi, ni UTC+2. Oman ni UTC+4. China, ambako wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaagiza mzigo, ni UTC+8. Ukiandika UTC+3 mara moja, mtu yeyote popote alipo anaweza kupiga hesabu. 16:40 ya Dar es Salaam ukitoa saa 3 unapata 13:40. 15:40 ya Lubumbashi ukitoa saa 2 unapata 13:40 ileile. Kumbe muuzaji na mteja walikuwa wanaonyeshana dakika moja.

7. Jaribu programu ya kubandika kabla ya kuitegemea

Kuna programu nyingi za simu zinazobandika tarehe kwenye picha zenyewe. Nyingine zinasoma saa ya kupiga kutoka ndani ya faili. Nyingine zikikosa taarifa hiyo zinachukua saa ya sasa hivi, bila kukuambia. Pima hivi: piga skrinishoti leo, ibandike muhuri kesho kwa programu hiyo, utazame imeandika siku gani. Ikiandika kesho, inakupa saa ya kubandika, na haikufai kwa kazi hii. Nyingi pia zinakuruhusu kuchagua tarehe yoyote unayotaka. Hilo si kosa lake, lakini likumbuke utakapoletewa picha yenye muhuri mzuri na mtu ambaye faili lake la asili "limepotea".

8. Tafuta saa ambayo hukuiandika wewe

Muhuri wako ni maneno yako. Unapata uzito ukikubaliana na saa iliyorekodiwa na mtu mwingine au na mtambo usioutawala.

Iliyo karibu zaidi ni ujumbe wa malipo kwa simu. Una kumbukumbu namba ya muamala, una tarehe na saa, na kampuni ya simu ina rekodi yake. Kama mteja wa vitenge alituma malipo ya awali dakika chache baada ya kukubali, ujumbe huo unafunga mjadala wa siku na unabana mjadala wa saa. Piga picha yake pia, ila usiifute SMS yenyewe.

Ya pili ni kutoa mazungumzo yote kwenye WhatsApp. Kwenye Android fungua mazungumzo, bonyeza vile vitone vitatu, kisha More, kisha Export chat. Kwenye iPhone bonyeza jina juu ya mazungumzo, ushuke hadi Export chat. Unapata faili la maandishi ambamo kila ujumbe una tarehe kamili na saa mwanzoni mwa mstari, hata ule ambao kwenye skrini ulikuwa unasema Leo. Kama Advanced chat privacy imewashwa kwenye mazungumzo hayo, njia hii imefungwa. Faili la maandishi linaharirika kirahisi, kwa hiyo halisimami peke yake. Lakini likiwa pamoja na skrinishoti na ujumbe wa malipo, linajaza mapengo yaliyobaki kati ya picha na picha.

Ya tatu ni kujitumia faili la asili kwa barua pepe siku ileile. Seva za barua pepe zinaandika saa zao wakati ujumbe unapita, na saa hizo wewe huzipangi. Hazithibitishi kwamba yaliyomo kwenye picha ni kweli. Zinathibitisha kwamba picha ilikuwepo kufikia siku hiyo, kwa hiyo haikutungwa baada ya ugomvi kuanza.

Kwa ukurasa wa tovuti ulio wazi kwa kila mtu, kwa mfano tangazo la bei au la nafasi ya kazi, ipeleke anwani yake kwenye web.archive.org/save. Wayback Machine inatunza nakala na kuweka tarakimu 14 za tarehe na saa ndani ya anwani mpya. Saa hiyo ni ya UTC, kwa hiyo 061542 kwenye anwani ni saa 09:15:42 ya Afrika Mashariki. Usiipunguzie wala kuiongezea mwenyewe kwenye nakala. Eleza tofauti kwenye maandishi yako. Mazungumzo ya WhatsApp na kurasa zinazohitaji nywila haziingii huko.

Mwenye kompyuta anaweza kwenda hatua moja mbele kwa kuchukua namba ya SHA-256 ya faili la asili. Kwenye Windows ni hivi:

```
certutil -hashfile Screenshot_20250314_165210_WhatsApp.jpg SHA256
```

Utapata mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika pikseli moja tu kwenye picha, mfululizo wote unabadilika. Unakili kwenye ile barua pepe ya siku ya kwanza, na baadaye mtu yeyote anaweza kupima kama faili ulilonalo ni lilelile.

9. Jua muhuri unaishia wapi

Turudi kwa wale wawili. Wakishaandika saa za eneo, hakuna tena ubishi kuhusu ujumbe ulitumwa lini: 13:40 UTC. Lakini ugomvi wao haukuwa huo peke yake. Saa 10 jioni ya Dar es Salaam ilikuwa imepita kwa dakika 40, na saa 10 jioni ya Lubumbashi ilikuwa bado dakika 20. Tangazo la muuzaji halikusema ni saa 10 ya wapi. Hapo muhuri hauna jibu, na wala usilazimishwe kulitoa. Muuzaji anayeuza nje ya nchi aandike kwenye tangazo lenyewe: mwisho saa 10 jioni, saa za Dar es Salaam.

Na kama mambo yatafika kwenye sheria, jua kwamba mahakama haiangalii uzuri wa muhuri. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali taarifa za kielektroniki kama ushahidi, kisha inataka uzito wake upimwe: je, njia iliyotumika kuitengeneza, kuihifadhi na kuituma inaaminika? Je, imetunzwa bila kubadilika? Mwenye kuianzisha alitambulikaje? Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza waraka ni upi, ulitokaje na kwa kifaa gani, kikiwa na saini ya mhusika wa kifaa hicho. Maswali hayo yote yanajibiwa na vitu tulivyokwisha kuvipitia: faili la asili, jina lake, simu iliyolipiga na maelezo mafupi ya ulichofanya. Kwa hiyo usiiuze wala kuifuta simu hiyo kabla shauri halijaisha. Andika kwenye daftari siku uliyopiga, simu uliyotumia, ulipohifadhi faili na siku uliyotengeneza nakala yenye muhuri. Mistari minne inatosha, mradi uiandike siku ileile.

Kama una skrinishoti muhimu kwenye simu sasa hivi, anza na ile ambayo alama ya siku bado inasema Leo au Jana. Ihamishe kwenye folda ya asili, jitumie kwa barua pepe, halafu ndipo uandike tarehe kwenye nakala.